Invoisi ya nauli inasema kilo 7,800, mzigo wangu ni kilo 3,000. Hii gharama naigawaje kwenye bei za bidhaa?

DukaSae:
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya. Mzigo nachukua Gerezani, Kariakoo, halafu natafuta lori linalopanda huku, nachanganya na mizigo ya watu wengine. Safari hii nimeleta:

Misumari katoni 40 za kilo 25, kila moja 75,000.
Rangi ndoo 50 za lita 20, kila moja 96,000.
Matangi ya maji 10 ya lita 1,000, kila moja 220,000.
Vitasa 400 kwenye katoni 20, kimoja 25,000.

Jumla ya manunuzi ni 20,000,000 kamili. Invoisi ya msafirishaji hii hapa:

Nauli Dar–Mbeya `CHG WT 7,800 @ 200`: 1,560,000
Kupakia na kushusha, vipande 120: 120,000
Bima: 60,000
Kulaza gari siku moja: 80,000
VAT 18%: 327,600
Jumla: 2,147,600

Nina maswali mawili. Kwanza, hizo kilo 7,800 zimetoka wapi? Misumari ni tani moja, rangi kama kilo 1,400, vitasa kilo 400, na matangi hayafiki hata kilo 200 na ushee. Yote kwa pamoja ni tani tatu. Pili, mimi huwa nachukua jumla ya invoisi nagawa kwa manunuzi, inakuja kama 10.74%, naongeza hiyo kwenye kila bidhaa ndipo naweka faida. Kwa hesabu hiyo tangi limenifikia kwa 243,600 nauza 290,000, kitasa 27,700 nauza 30,500. Matangi yanaisha haraka ajabu. Vitasa vinashika vumbi, na jirani anauza vilevile kwa 28,500 na bado anacheka. Je, ananunua wapi huyu?

Kipunga:
Naweka kiti, wajuzi wanakuja.

MhasibuMtarajiwa:
Mkuu, njia yako iko sawa kabisa, usiyumbishwe. Darasani tunafundishwa gharama za kufikisha mzigo zinagawanywa kwa uwiano wa thamani, na mkaguzi akija hakuulizi kitu. Hizo kilo 7,800 ni wizi. Nenda na karatasi ya mizani ukawaambie wakurekebishie, unatakiwa kulipa 3,000 mara 200, yaani 600,000 ya nauli.

Mzee wa Tunduma:
VAT hiyo usiiache ndugu yangu. Peleka risiti ya EFD TRA, dai urudishiwe. Mimi mizigo yangu ya kutoka nje nadai kila mwezi.

DukaSae:
Mzee, shikamoo. Mimi sijasajiliwa VAT, duka bado dogo. Na sikuulizia kudai, nauliza kugawa.

Mzee wa Tunduma:
Marahaba. Basi kama hujasajiliwa hiyo 18% ni yako, hairudi.

MbaoMafinga:
Huku kwetu mambo ni mepesi. Nakodi lori zima kutoka Mafinga kwenda Dar, nauli ni moja, napakia mbao mpaka kamba zinalia. Nagawa nauli kwa vipande basi. Mbao ya mbili kwa sita naihesabia mara tatu ya mbili kwa mbili kwa sababu inakula nafasi mara tatu. Sijawahi kuangalia kilo wala thamani. Ila kweli, mimi bidhaa yangu ni moja.

BiMizigo_Iringa:
DukaSae, kabla hujaenda kugombana na msafirishaji, pima tangi moja kwa futi kamba: upana na urefu wake likiwa limesimama. Halafu niambie katoni ya kitasa na katoni ya misumari zina ukubwa gani. Nimekaa ofisi ya mizigo Dar miaka kabla sijarudi nyumbani Iringa, hiyo `CHG WT` nimeiandika mpaka vidole vikaota sugu.

DukaSae:
Tangi upana mita 1.07, kimo mita 1.31. Katoni za misumari na za vitasa ni ndogo, kila aina ukipanga zote pamoja hazizidi nusu ya mita ya ujazo. Rangi ndoo 50 kama mita mbili za ujazo.

BiMizigo_Iringa:
Sawa. Tangi ni duara lakini kwenye lori linakula nafasi ya boksi, zile kona nne hakuna anayekaa. Kwa hiyo 1.07 mara 1.07 mara 1.31, unapata 1.5 CBM, yaani mita moja na nusu ya ujazo. Matangi kumi ni CBM 15. Mzigo wako wote ni CBM 18, maana yake matangi pekee yamekula nafasi tano kati ya kila sita ulizotumia.

Hapo ndipo kilo 7,800 zinatokea. `CHG WT` ni uzito wa kutozwa, si uzito wa mizani. Msafirishaji ana vitu viwili vya kuuza, nguvu ya lori na nafasi ya bodi. Mzigo mwepesi unaojaza bodi ungemtia hasara kama angetoza kwa mizani, kwa hiyo anaugeuza ujazo kuwa kilo. Barabarani wengi wanatumia CBM 3 kwa tani moja, yaani kilo 333 kwa kila CBM. Kwa ndege ni kama kilo 167, melini ni tani nzima. Kisha kwa kila mstari anachukua kilicho kikubwa kati ya mizani na ujazo.

Tufanye kwa mzigo wako. Misumari kwa ujazo ni kilo 167 tu, mizani kilo 1,000, anachukua 1,000. Rangi kwa ujazo kilo 667, mizani 1,400, anachukua 1,400. Vitasa mizani 400. Matangi mizani 200, ujazo CBM 15, hiyo ni kilo 5,000. Jumlisha: 7,800. Hujaibiwa, ila kuna kitu kingine humo nitakirudia.

Sasa swali lako la pili. Usianze kwa kuuliza "njia ipi ya kugawa ni sahihi". Soma kila mstari wa invoisi ujiulize mwenye kuuandika alitumia nini kupata hiyo namba. Ukishajua, gawa kwa kitu hichohicho. Nauli imetozwa kwa kilo za kutozwa, igawe kwa kilo za kutozwa. Kupakia kumetozwa kwa kipande, gawa kwa kipande. Bima, nina hakika ni asilimia ya thamani (60,000 ni 0.3% ya milioni ishirini), hiyo ndiyo pekee inayostahili njia yako ya thamani.

MhasibuMtarajiwa:
Lakini dada, vitabu vinaruhusu thamani. Ni njia inayokubalika.

BiMizigo_Iringa:
Inakubalika pale bidhaa zinapofanana, mdogo wangu. Ukileta aina sita za vitasa, gawa kwa thamani, hautakosea sana. Hapa tuna tangi la 220,000 lenye kilo 20 na CBM moja na nusu, na kitasa cha 25,000 kinachokaa kiganjani. Ukigawa nauli kwa thamani, vitasa vinabeba nusu ya nauli kwa sababu ni nusu ya pesa, wakati kwenye lori vilikuwa kona moja chini ya turubai.

DukaSae:
Dada naomba unifanyie moja mpaka mwisho nione.

BiMizigo_Iringa:
Nafanya tangi na kitasa, mengine utajaza mwenyewe.

Tangi. Nauli: kilo 500 za kutozwa kwa 200, ni 100,000. Kupakia na kushusha: vipande 120 kwa 120,000, kwa hiyo 1,000. Bima: 0.3% ya 220,000, ni 660. Jumla 101,660. Kwa kuwa VAT hairudi kwako, zidisha kwa 1.18, unapata 119,959. Ongeza bei ya kununulia: tangi limekufikia Mbeya kwa 339,959.

Kitasa. Nauli: kilo moja, 200. Kupakia: katoni moja ina vitasa 20, kwa hiyo 50. Bima 75. Jumla 325, na VAT 383 na senti. Kitasa kimekufikia kwa 25,384.

Unaona jirani yako anacheka nini? Anauza 28,500 na bado ana faida ya 3,100. Wewe ulikuwa unaamini kimekugharimu 27,700. Na matangi yanaisha haraka kwa sababu kila tangi la 290,000 unamuongezea mteja karibu elfu hamsini mfukoni.

Kipunga:
Aisee. 🙆🏾‍♂️ Mimi ndiye niliyenunua mawili.

DukaSae:
Nimefanya mengine. Misumari imekuja 82,346 kwa katoni, zamani nilikuwa na 83,054. Rangi 104,128, zamani 106,308. Hizi mbili hazijasogea sana, nadhani ndiyo maana sikuona tatizo muda wote. Lakini nikijumlisha bidhaa zote sipati 2,147,600, napata 2,053,200. Imepungua 94,400.

BiMizigo_Iringa:
Vizuri umejumlisha, hicho ndicho kipimo cha kwanza, zigawanye kisha zirudi. Hiyo 94,400 ni kulaza gari 80,000 pamoja na VAT yake. Gari lililala kwa nini?

DukaSae:
Lilifika Jumamosi jioni, vijana wa kushusha walikuwa wameshaondoka. Likalala hadi Jumapili.

BiMizigo_Iringa:
Basi hiyo siigawi kwenye bidhaa. Ni gharama ya duka ya mwezi huo, pamoja na umeme na pango. Ukiiweka kwenye bidhaa, mwezi ujao ambao gari halilali, bei yako ya gharama itashuka bila sababu na utaanza kudhani umenunua kwa bei nzuri. Viwango vya uhasibu vya kimataifa, IAS 2, navyo vinakataa gharama za kuhifadhi na upotevu usio wa kawaida kuingia kwenye thamani ya stoo, labda kama uhifadhi ni hatua ya lazima ya uzalishaji. Wewe hutengenezi kitu.

MbaoMafinga:
Hapo sikubaliani sana. Kwetu kipindi cha mvua gari kulala ni kawaida, Kitonga ikifungwa na ajali wote tunalala. Mimi naihesabu ndani.

BiMizigo_Iringa:
Kama ni kila safari na unalipa kila safari, una hoja. Hiyo ni sehemu ya nauli yako halisi. Ya DukaSae ni ya Jumamosi moja.

FundiUyole:
Swali la pembeni. Ndoo mbili za rangi zangu zilipasuka njiani. Nagawa gharama kwa ndoo zilizofika au zilizopakiwa?

BiMizigo_Iringa:
Kama ndoo moja moja hupasuka kila safari na umezoea, gawa kwa zilizofika, zilizobaki zibebe. Kama ni ajali, au una bima, iweke pembeni na uidai. Usiichanganye.

DukaSae:
Kitu kingine dada. Invoisi hii imenifikia leo, mzigo ulifika wiki mbili zilizopita. Matangi saba yameshauzwa, yamebaki matatu. Ile gharama ya matangi yote naiweka kwenye haya matatu ili niirudishe?

Kipunga:
Tangi la laki sita hilo, hataona mtu 😂

BiMizigo_Iringa:
Hapana, usifanye hivyo. Kila tangi, lililouzwa na lililobaki, linabeba 119,959. Matatu yaliyo stoo yaandike 339,959 kila moja. Sehemu ya saba yaliyoondoka, kama 839,700, ni gharama ya mauzo yaliyokwisha kufanyika, iingize kwenye gharama ya mauzo ya mwezi uleule. Itaonyesha mwezi huo ulikuwa mbaya kwenye matangi, na ni kweli ulikuwa mbaya. Ukiirundika kwenye matatu, utakuwa na bei ya gharama isiyomhusu mtu yeyote, na ukiagiza mengine utalinganisha na namba ya uongo.

Na siku nyingine usisubiri invoisi. Ukishajua ukubwa wa mzigo na bei ya kilo, kadiria nauli siku mzigo unapofika, invoisi ikija urekebishe tofauti tu.

MhasibuMtarajiwa:
Nimekubali kwenye nauli. Nimemtengenezea kwenye Excel, safu B ni idadi, C kilo za kipande, D CBM ya kipande, E uzito wa kutozwa, F sehemu ya nauli. Jumla ya nauli iko H1.

```
E2: =MAX(B2*C2, B2*D2*1000/3)
F2: =ROUND($H$1*E2/SUM(E$2:E$5),0)
```

Vuta mpaka mstari wa 5. Kwa sababu ya kukata senti jumla ya F inaweza kutofautiana na H1 kwa shilingi moja au mbili, mstari wa mwisho ubebe tofauti.

BiMizigo_Iringa:
Safi sana. Ongeza seli moja pembeni yenye jumla ya E, ilinganishwe na `CHG WT` ya kwenye invoisi. Zikitofautiana, ama umepima vibaya ama wao wamepima vibaya, na ujue kabla hujalipa. Ofisi nyingine hazipimi, zinakadiria kwa macho.

Sasa lile nililosema nitarudi. Huyu msafirishaji amechukua kikubwa kwa kila mstari. Lakini mzigo wako ulikwenda pamoja kwenye lori moja, misumari sakafuni, matangi juu. Akipiga mzigo mzima kwa pamoja, mizani ni kilo 3,000, ujazo CBM 18 ni kilo 6,000. Angechukua kikubwa, 6,000, na nauli ingekuwa 1,200,000. Amekutoza 1,560,000. Tofauti ni 360,000 kabla ya VAT, na hiyo inazungumzika kabla ya kupakia. Mwambie unataka uzito wa kutozwa upigwe kwa mzigo mzima. Wengine watakubali, wengine watakupandishia bei ya kilo, usishangae.

DukaSae:
Kwa hiyo nikipata hiyo bei, tangi linashuka mpaka ngapi?

BiMizigo_Iringa:
Hapo sasa ndipo watu wanagombana. Kwa kuwa 6,000 imetokana na ujazo, mimi nagawa kwa CBM. Nauli 1,200,000 kwa CBM 18 ni 66,667 kwa CBM, tangi la 1.5 linabaki 100,000 ileile. Wanaoshuka ni misumari, rangi na vitasa, kwa sababu nafasi ndiyo iliyolipiwa na wao hawakuila.

MbaoMafinga:
Hapana dada. Bila misumari kukaa chini, punguzo lisingepatikana. Na bila matangi, misumari ingelipa kilo zake 1,000 kama kawaida. Kila mmoja amechangia, basi wote wagawane punguzo kwa uwiano wa zile 7,800. Tangi linapata nauli ya kama 77,000.

BiMizigo_Iringa:
Hoja yako inaeleweka, na hesabu yako inarudi. Lakini kama DukaSae anaamua aendelee kuleta matangi au aache, hata 77,000 siyo namba yake: akiyaacha, analipa kwa mizani ya kilo 2,800, nauli inashuka mpaka 560,000. Matangi ndiyo yanayompandisha kutoka 560,000 mpaka 1,200,000. Ukiangalia hivyo tangi moja linamgharimu nauli ya 64,000.

Kipunga:
Laki moja, sabini na saba, sitini na nne. Mbona tumerudi sokoni?

MbaoMafinga:
Hiyo 64,000 ndiyo namba ya kuamua kuleta au kutoleta. Ya kuandika kwenye daftari la stoo ni nyingine.

MhasibuMtarajiwa:
Hapo kwenye daftari naona bado CBM na uwiano zote zinateteeka, mradi usibadilishe kila mwezi.

DukaSae:
Nimepita kwa wakala wa matangi hapa mjini leo mchana. Ananipa la lita 1,000 kwa 305,000 mpaka mlangoni kwangu. Anasema yeye anayaleta yamepangwa moja ndani ya lingine, madogo ndani ya makubwa, kwa hiyo lori linabeba mengi. Hata kwa hesabu ya 64,000, mimi nikijumlisha bima, kupakia na VAT nafika kama 297,500, na hapo ni kama msafirishaji atakubali kupiga mzigo mzima.

BiMizigo_Iringa:
Akikataa je?

DukaSae:
Akikataa nachukua kwa wakala. Vitasa nimeshusha 28,000 tangu saa tisa.